Rufaa 14, waliopokelewa 5: nilichojifunza kuhusu ripoti ya mwezi

Ripoti ya mwezi ya mhudumu wa afya ya jamii haina mambo mengi: kaya ulizotembelea, rufaa ulizotoa, changamoto ulizokutana nazo. Ukiitazama unaweza kudhani ni kazi ya nusu saa. Kilichonifanya niitazame upya ni mwezi mmoja ambao ripoti yangu na rejesta ya kliniki zilikataana waziwazi. Ripoti yangu ilisema nimetoa rufaa 14. Rejesta ilikuwa na wagonjwa 5 tu waliopokelewa kwa rufaa kutoka eneo langu. Wale 9 waliobaki hawakuonekana popote.

Msimamizi wangu ni muuguzi ambaye sote tunamwita Sista. Aliniuliza kwa upole, "Dada, hawa tisa wako wapi?" Hata hivyo swali lilinichoma, maana sisi wahudumu tunajua pengo la namna hiyo hutafsiriwa vipi: ama mhudumu amepika takwimu, ama wananchi wa eneo lake ni wabishi. Mimi nilikuwa na vishina vya kitabu cha rufaa mkononi, kwa hiyo hilo la kwanza nilijua si kweli. La pili sikuwa na hakika nalo. Tukakubaliana tusibishane, tukae chini tumfuatilie mgonjwa mmoja mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila karatasi katika kitabu ninachotumia ina sehemu tatu: kishina kinachobaki kwangu, kipande anachoondoka nacho mgonjwa, na kipande cha mrejesho ambacho kliniki hujaza na kumrudishia mgonjwa aniletee. Tulichukua kila kishina kisicho na mrejesho, tukatafuta umri, tarehe na tatizo katika rejesta ya wagonjwa wa nje, rejesta ya watoto na ile ya wajawazito. Hatukutegemea majina peke yake. Pale ambapo rejesta hazikusema kitu, nilirudi nyumbani kwa mgonjwa kuuliza.

Watatu walikuwa wamefika na kuhudumiwa vizuri kabisa. Wawili kati yao walikabidhi karatasi pale mapokezi, ikabaki mezani, wao wakaendelea kwa mganga kama wagonjwa wa kawaida. Mganga hakujua kwamba wametumwa na mtu, kwa hiyo safu ya "ametoka wapi" ilijazwa "amekuja mwenyewe". Wa tatu alikuwa mtoto ambaye mimi nilimwandika kwa jina analoitwa nyumbani, na kliniki ikamwandika kwa jina lililo kwenye kadi yake ya chanjo. Tangu hapo jina ninalonakili ni la kwenye kadi, na pembeni naweka namba ya kaya. Kwa wale wa mapokezi, Sista alifanya jambo dogo: aliweka boksi pale mezani, na kila jioni karatasi zilizomo zinalinganishwa na rejesta kabla ya kufungwa.

Wawili walikwenda kituo kingine. Mmoja nilionyeshwa cheti na dawa alizopewa. Wa pili mama yake aliniambia tu kwamba walikwenda na mtoto akapona. Hapa nawasihi wenzangu: msiwaweke hawa wawili kwenye fungu moja. Wa kwanza nimethibitisha kwa macho yangu, wa pili nimesimuliwa. Ripoti iseme hivyo hivyo, bila kumtuhumu mama na bila kudai kwamba unajua usichokijua.

Mmoja nilimpa rufaa tarehe 30, akaenda tarehe 2 ya mwezi uliofuata. Kwenye ripoti ya mwezi wa kwanza anaonekana kama mtu aliyekataa kwenda. Kwenye ya mwezi wa pili anaonekana kliniki bila rufaa yoyote iliyoandikwa mwezi huo. Dawa yake ni kuihesabu rufaa katika mwezi iliyotolewa, na kuweka mstari wa "zinazosubiri" ambao unaufunga kwenye ripoti inayofuata. Bila mstari huo, kila mwezi unaanza na deni la mwezi uliopita ambalo hakuna anayeliona.

Wawili hawakwenda kabisa. Nitawarudia hao, kwa sababu hadithi zao ndizo zilizobadilisha zaidi ninavyoandika.

Na mmoja alifika, akarudishwa. Huyu aliniuma kuliko wote. Alikuwa mtoto wa miezi 14. Nilipompima mkono wa kushoto kwa utepe, nusu ya njia kati ya bega na kiwiko, ulisoma sentimita 11.2. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Nilibonyeza miguu yote miwili, haikuwa na uvimbe. Mama alisema mtoto anakula anapopewa, hatapiki, hana homa. Mtoto wa hali hiyo kwa kawaida kliniki humpima hamu ya kula, kisha humpa chakula dawa atumie nyumbani na kurudi kupimwa mara kwa mara. Mama alikwenda kesho yake. Chakula dawa kilikuwa kimeisha, akaambiwa arudi wiki ijayo. Kwa kuwa hakupewa huduma, hakuandikwa kwenye rejesta. Kwa upande wa kliniki, mtoto huyu hakuwahi kufika. Kwa upande wangu alikuwa mmoja wa rufaa 14. Hakuna karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali alibebwa hadi mlangoni akarudi nyumbani mikono mitupu.

Baada ya zoezi hilo mstari wa rufaa wa mwezi ule tuliuandika upya, na ndivyo ninavyouandika hadi leo:

"Rufaa zilizotolewa 14. Waliofika na kuhudumiwa hapa 8. Waliofika wasihudumiwe 1. Waliohudumiwa kituo kingine 2, mmoja kwa cheti, mmoja kwa maelezo ya mama. Aliyefika baada ya mwezi kufungwa 1. Wasiofika 2."

Jumlisha: 8, 1, 2, 1 na 2 ni 14. Jumla hiyo lazima ikamilike kila mwezi. Isipokamilika kuna mtu amepotea, na huyo unamtafuta kabla hujatia sahihi. Tazama pia jinsi maana inavyogeuka. Mwanzo ilionekana kana kwamba zaidi ya nusu ya watu wangu hawasikii ushauri. Kumbe kati ya 14, waliobaki nyumbani ni 2 tu. Shida kubwa ilikuwa kwenye karatasi, na shida nzito kuliko zote ilikuwa kwenye stoo.

Sasa kuhusu wale wawili. Zamani safu ya sababu ningeijaza kwa neno moja, "amekataa", kama wengi tunavyofanya. Neno hilo linafunga mjadala. Msimamizi hana la kulifanyia zaidi ya kuniambia niendelee kuelimisha.

Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye kikohozi cha wiki tatu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kumtuma mtu akapimwe kifua kikuu, kwa hiyo nilimwandikia akapime makohozi. Nilipomrudia alinieleza kwamba anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurudi jioni, na maabara ilikuwa ikipokea sampuli asubuhi pekee. Kukosa asubuhi moja ni kukosa kibarua cha siku nzima. Niliandika maneno hayo hayo kwenye ripoti, nikaongeza ombi: je, naweza kupewa vikopo vya sampuli niwaachie watu wa aina hii usiku, nikavipitia asubuhi? Sista alizungumza na mtu wa maabara, nikapewa vikopo na maelekezo ya namna ya kuviandika na kuvibeba. Mwezi uliofuata mstari ule niliufunga.

Wa pili alikuwa mjamzito wa miezi sita ambaye hajaanza kliniki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo, kwa hiyo tayari alikuwa amechelewa sana. Nilimkuta hana ubishi wowote. Alikuwa amekwenda mapema, akaambiwa pale mapokezi aje na mwenza wake, na mwenza yuko safarini kikazi. Alidhani bila mwenza hapokelewi. Sista aliposoma hilo alishtuka, kwa sababu kuja na mwenza ni jambo linalohimizwa, halikuwekwa kuwa sharti la kumrudisha mtu. Alikwenda kuzungumza na mapokezi siku hiyo hiyo. Mimi nilirudi kwa yule mama na ujumbe kutoka kwa Sista mwenyewe, akaanza kliniki. Baadaye nilipouliza kwenye kaya nyingine, nikakuta si yeye peke yake aliyekuwa amekaa nyumbani kwa sababu hiyo. Neno "amekataa" lingewafunika wote.

Kwenye sehemu ya mapengo, kwa hiyo, siandiki tena "uhaba wa dawa" au "umbali" halafu nikaishia hapo. Naandika nini kimekosekana, tangu lini, kimemgusa nani, na naomba nini. Lile la mtoto liliandikwa hivi: "Kaya namba fulani, mtoto miezi 14, mkono sentimita 11.2, hana uvimbe, anakula. Rufaa tarehe 9, alifika tarehe 10, chakula dawa hakikuwepo, alirudi bila huduma. Tarehe 16 mkono sentimita 11.0. Naomba aelekezwe kituo chenye chakula dawa wiki hii." Milimita mbili zinaweza kuwa tofauti ya mkono wa mpimaji, na Sista analijua hilo. La msingi ni kwamba wiki imepita, mtoto bado yuko kwenye nyekundu na hana matibabu. Sista alipiga simu kituo cha jirani, chakula kilikuwepo, mama akaelekezwa huko. Kisha maelezo yale yale akayatumia kuombea shehena ya dharura, maana sasa alikuwa na mtoto halisi, tarehe na kipimo, badala ya malalamiko ya jumla.

Najilazimisha kuleta mapengo mawili au matatu tu yenye uzito, na nayapanga kwa anayeweza kuyaziba: lililo mikononi mwangu, lililo mikononi mwa kliniki, na ambalo lazima Sista alipandishe juu. Ukimletea msimamizi mapengo kumi na mawili yaliyochanganyika, atalishughulikia lile jepesi, na yale mazito yatahamia ripoti inayofuata.

Kuna jambo jingine kuhusu rufaa ambalo limeniokoa mara nyingi. Naandika nilichokiona na nilichopima, siandiki jina la ugonjwa. Nikikuta mtoto wa miezi 8 anapumua haraka, nahesabu pumzi kwa dakika moja kamili akiwa ametulia, halafu naandika "pumzi 54 kwa dakika, kifua hakiingii ndani, ananyonya". Kwa umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Nikiandika "nimonia" nimetoa hukumu isiyo yangu, na mganga akikuta kitu kingine, ripoti inaonekana imekosea. Nikiandika pumzi 54, anajua hali ilivyokuwa saa ile, hata kama mtoto amefika akiwa ametulia.

Upande wa ziara za nyumbani ni mfupi zaidi, ila una mtego. Jumla ya ziara haisemi ni kaya ngapi zimefikiwa. Unaweza kwenda mara nne kwenye nyumba rafiki zilizo karibu na jumla ikapendeza, huku nyumba za mwisho wa njia hazijaonwa kwa miezi. Kwa hiyo natenganisha: kaya zilizopo, kaya zilizofikiwa angalau mara moja, ziara za marudio, na kaya ambazo sikuzifikia pamoja na sababu. Mlango uliofungwa nauandika na saa niliyobisha hodi, kwa kuwa mlango uliofungwa saa nne asubuhi mara nyingi unafunguka saa kumi na mbili jioni. Nilipoziona saa hizo zimejipanga kwenye daftari, nilihamisha sehemu ya ziara zangu zikawa za jioni.

Kwa wazazi waliojifungua, hata mgawanyo huo hautoshi. Ziara ya siku ya 9 inahesabiwa kuwa ziara sawa na ya siku ya 2, lakini kwa kichanga haziko sawa hata kidogo. Siku za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa, ndiyo maana mama na mtoto wanatakiwa kuonwa ndani ya saa 24, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Naandika tarehe ya kuzaliwa na tarehe niliyofika, bega kwa bega. Miezi kadhaa ya kufanya hivyo ilionyesha kwamba nachelewa zaidi kwa waliojifungulia kituoni, kwa sababu hakuna aliyenipa taarifa kwamba wameruhusiwa. Wale wa nyumbani naambiwa na majirani usiku huo huo. Sasa muuguzi wa zamu hunitumia ujumbe mfupi mama wa eneo langu anaporuhusiwa. Bila tarehe mbili zilizokaa pamoja nisingejua pa kuomba msaada.

Yapo mambo ambayo hayasubiri ripoti. Kifo cha mama au cha kichanga, mtu mwenye kuharisha maji matupu kwa ghafla na kuishiwa nguvu, mtoto mwenye homa na vipele vinavyoshukiwa kuwa surua, mtoto aliyelegea mkono au mguu ghafla: hayo ni simu siku hiyo hiyo. Kwenye ripoti yanakuja baadaye, yakiwa na saa niliyopiga na jina la cheo cha aliyepokea. Vilevile mtoto mwenye dalili za hatari, kama degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, au kulegea asiamke vizuri, hapewi karatasi akaachwa aende zake. Nampeleka au namtafutia wa kumpeleka, kisha napiga simu kliniki wajue anakuja.

Kuhusu muda, naandaa ripoti kwa vipande. Kila mwisho wa wiki nafungua vishina vyote visivyo na mrejesho na kuwafuata waliopita siku saba bila taarifa. Kwa wenye dalili za hatari ufuatiliaji ni kesho yake. Hivyo siku ya kufunga mwezi inabaki kazi ya kujumlisha. Wenzangu wanaokusanya yote usiku wa mwisho hukuta wagonjwa wa mwanzoni mwa mwezi wamehama, wamepona au wamezikwa, na kumbukumbu za sababu zimekwisha kufutika. Kufuatilia kunagharimu, sitaficha. Ni mwendo wa miguu wa ziada, ni salio la simu, na kuna nyumba ambapo ukirudi mara ya pili unatazamwa kama askari. Huwa naanza kwa kuuliza mgonjwa anaendeleaje, na swali la "mlikwenda?" nalileta baadaye sana, au halihitajiki kabisa kwa sababu wanalisema wenyewe.

Majina ya wagonjwa siyaweki kwenye ripoti inayosomwa mkutanoni. Namba ya kaya, umri na tatizo vinatosha, na daftari lenye majina linabaki kwangu na kwa Sista. Tulilazimika kukubaliana hivi baada ya mtu mmoja wa kikohozi kusikia habari zake zikirudi mtaani kabla majibu yake hayajatoka.

Ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu sasa una mapengo ya mwezi uliopita, kila moja na hali yake: limezibwa, linaendelea, au halijaguswa. Sista naye anaandika jibu kwenye nakala moja na kunirudishia. Vikopo vya sampuli, boksi la mapokezi na ujumbe wa muuguzi wa zamu vimeshaondoka kwenye orodha hiyo. Usafiri wa usiku kwa mama aliyeshikwa na uchungu bado upo, na kila mwezi chini yake naandika tarehe ya mara ya mwisho ulipokosekana, saa, na mama alifikaje. Sista ameshaupandisha juu akiwa na maelezo hayo, na tunasubiri jibu.